Bei ya Mbele si Utabiri: Riba na Shilingi ya Kenya, 2023 hadi 2024

Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ya Marekani ilibadilishwa Nairobi kwa takriban shilingi 160. Kwa viwango vya riba vya wakati ule, mwagizaji bidhaa aliyetaka kufunga siku hiyo bei ya dola atakazozichukua mwishoni mwa Julai angetarajia kutajiwa takriban shilingi 167. Julai ilipokwisha, dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 130. Mwaka mmoja kabla yake mambo yalikwenda kinyume. Januari 2023 dola ilikuwa kama shilingi 124, na hesabu hiyo hiyo ya riba ilitoa bei ya Julai ya takriban 127, lakini Julai 2023 ilikuta dola iko karibu 142.

Ukizisoma bei hizi kama utabiri, utasema soko lilikosea mara mbili, tena vibaya na kwa pande mbili tofauti. Makala haya yanatetea hoja kwamba usomaji huo ndio wenye kosa. Bei ya mbele, yaani bei inayokubaliwa leo kwa fedha zitakazokabidhiwa siku iliyopangwa, haikadirii bei ya papo itakavyokuwa siku hiyo. Inaeleza gharama ya kushika fedha moja badala ya nyingine kwa muda uliotajwa, na gharama hiyo hupimwa kwa tofauti ya riba.

Tuifuate hesabu yenyewe. Mteja anahitaji dola 1,000,000 baada ya miezi sita. Ili hesabu iwe nyepesi, tuchukue kwamba riba ya shilingi ni asilimia 14 kwa mwaka na ya dola asilimia 5, viwango vinavyokaribiana na hali ya Januari 2024. Kwa nusu mwaka hizo ni asilimia 7 na 2.5. Benki inayokubali kumuuzia mteja huyu dola za Julai haikai ikasubiri Julai ione bei itakuwaje. Inakopa shilingi leo, inanunua dola leo kwa bei ya papo, kisha inaziweka dola hizo zizae riba hadi siku ya kukabidhi. Ili ipate dola 1,000,000 Julai, inatosha inunue dola 975,610 sasa, kwa kuwa riba ya asilimia 2.5 itajaza pengo lililobaki. Kwa bei ya 160, dola hizo zinagharimu shilingi 156,097,561. Mkopo wa shilingi hizo, pamoja na riba ya asilimia 7, utadai shilingi 167,024,390 Julai. Ukizigawa kwa dola milioni moja, unapata bei ya 167.02. Kwa kifupi:

```
F = S × (1 + r_KES) / (1 + r_USD)
F = 160 × 1.07 / 1.025 = 167.02
```

Hapa S ni bei ya papo, F ni bei ya mbele, na riba zote mbili ni za kipindi cha mkataba. Katika hesabu nzima hakuna mahali palipoachwa kwa maoni ya mtu kuhusu Julai. Kila tarakimu inajulikana siku ya kutia sahihi, na benki ikishamaliza hatua zake, dola iuzwe 130 au 190, haipotezi wala haifaidi zaidi ya ada yake.

Je, benki yenye maoni makali haiwezi kuyaingiza katika bei? Tuseme mkuu wa dawati la fedha za kigeni anaamini shilingi itapata nguvu, kwa hiyo anatangaza kuuza dola za Julai kwa 150. Imani yake ingekuja kuthibitishwa na matukio, lakini hata hivyo angeiumiza benki yake. Benki nyingine ingekopa dola 975,610, ikaziuza leo kwa 160, na kuzikopesha shilingi hizo kwa asilimia 7. Julai ingepokea shilingi 167,024,390, ikalipa 150,000,000 kuchukua dola milioni moja ilizoahidiwa, ikarudisha mkopo wake wa dola, na ikabaki na zaidi ya shilingi milioni 17 bila kujali bei ya siku hiyo. Angetangaza kununua dola za Julai kwa 175, wenzake wangezunguka upande wa pili na kubaki na karibu shilingi milioni nane. Mwenye maoni yuko huru kuyawekea fedha zake, lakini akiyaweka katika tofauti kati ya bei ya papo na bei ya mbele anawagawia wengine faida isiyo na hatari, na wimbi la wanaoifuata faida hiyo ndilo linaloirudisha bei mahali pake. Uhusiano huu wanauchumi huuita ulingano wa riba wenye kinga. John Maynard Keynes aliueleza waziwazi mwaka 1923, baada ya kutazama jinsi bei za mbele za London zilivyofuata tofauti ya riba kati ya masoko ya fedha.

Hapa ndipo msomaji makini anapoleta pingamizi lililo zito kuliko yote. Atasema: riba yenyewe imebeba matarajio. Ikiwa watu wanatarajia shilingi ishuke, watadai riba kubwa ndipo wakubali kuishika. Basi bei ya mbele, kwa kuifuata riba, inafuata matarajio kwa njia ya kuzunguka. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Irving Fisher alikwisha kuonyesha mwaka 1896 jinsi mabadiliko yanayotarajiwa ya thamani ya fedha yanavyoingia katika riba. Lakini ili hoja hiyo igeuze bei ya mbele kuwa utabiri, lazima riba isisukumwe na kitu kingine chochote chenye uzito, na hilo halina ushahidi.

Iangalie riba ya Kenya ya mwanzo wa 2024. Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake hadi asilimia 13 tarehe 6 Februari, ikipigana na mfumuko wa bei na kuporomoka kwa shilingi. Serikali nayo ilihitaji kukopa ndani, na wakopeshaji walidai malipo makubwa kwa sababu ya hofu juu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa liive Juni. Mwezi huo huo wa Februari serikali iliuza nje hati fungani mpya ya dola bilioni 1.5, ikanunua sehemu kubwa ya deni hilo kabla ya siku yake, na hofu ikatulia. Hati fungani ya miundombinu iliyouzwa nyumbani ililipa zaidi ya asilimia 18, ikavuta wawekezaji wa nje walioleta dola zao. Riba kubwa ile ile iliyoiinua bei ya mbele juu ya 160 ndiyo iliyosaidia kuishusha dola chini ya 160. Angeisoma mtu kama ishara kwamba shilingi itashuka, angeisoma kinyume na kazi iliyokuwa ikifanya.

Utafiti mpana unaelekea huko huko. Mwaka 1984 Eugene Fama alilinganisha bei za mbele za fedha za mataifa makubwa na bei za papo zilizofuata. Kama tofauti ya riba ingekuwa utabiri safi, fedha yenye riba kubwa zaidi kwa asilimia nne ingeshuka, kwa wastani, kwa asilimia nne. Matokeo yake hayakukaribia hapo. Mara nyingi uhusiano ulikuwa na alama hasi, yaani fedha yenye riba kubwa ilielekea kupanda. Wachumi wanaendelea kubishana kama chanzo ni malipo ya hatari au makosa katika matarajio ya watu. Vyovyote iwavyo, ulingano wenye kinga unasimama bila kuhitaji jibu la mjadala huo, kwa kuwa unategemea mikopo na amana za leo.

Matarajio, basi, huingilia wapi? Huingia kwa nguvu katika bei ya papo. Habari za kulipwa deni zilipothibitika, hakuna aliyesubiri Juni. Shilingi iliruka pale pale, na kufikia mwisho wa Februari dola ilikuwa karibu 145. Kwa riba zile zile, bei ya mbele ya miezi sita ilipaswa kuhamia takriban 151. Bei mbili zilishuka pamoja kwa sababu ya habari, na pengo kati yao likabaki la asilimia 4.4 kwa sababu ya riba.

Ulingano huu una mipaka, na mipaka hiyo inatuonyesha kinachoushikilia. Hesabu yetu ilichukua kwamba benki inaweza kukopa shilingi kwa asilimia 14 na kupata dola kwa bei iliyotangazwa. Dola zikiadimika, sharti hilo linavunjika. Baada ya kuanguka kwa Lehman Brothers Septemba 2008, hata kati ya yuro na dola bei za mbele ziliachana na riba za kawaida, kwa kuwa benki za Ulaya zilizohitaji dola hazikuweza kuzikopa moja kwa moja kwa bei iliyoandikwa. Nairobi nayo mwaka 2023 soko la benki kwa benki lilikuwa limedorora, na wateja walinunua dola kwa bei iliyopita ile rasmi.

Njia ya kutambua hali hiyo ni kuigeuza kanuni na kutafuta riba iliyofichwa ndani ya bei. Mteja anayetajiwa 175 wakati bei ya papo ni 160 na riba ya dola ni asilimia 2.5 kwa nusu mwaka, anazidisha 175/160 kwa 1.025 na kupata 1.121. Maana yake anatozwa riba ya shilingi ya asilimia 12.1 kwa miezi sita, zaidi ya 24 kwa mwaka. Ikiwa mkopo wa shilingi unapatikana kwa asilimia 14, basi ama benki imejiongezea ada kubwa, ama dola hazipatikani kwa 160.

Kuna hali moja ambapo bei ya mbele hugeuka kweli kuwa dau juu ya siku zijazo, nayo ni pale njia ya kununua dola leo inapofungwa kabisa. Kabla ya Juni 2023 Nigeria iliishikilia naira rasmi chini ya 500 kwa dola, huku dola za bei hiyo zikiwafikia wachache tu. Nje ya nchi kulikuwa na mikataba inayolipwa kwa dola bila kukabidhiana naira, na bei zake zilikuwa dhaifu mno kuliko ile rasmi. Hapo riba haikuwa na la kusema, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuzunguka mzunguko wa kukopa, kununua na kuweka amana.

Kwa hiyo kamati ya ukaguzi inayomlaumu mkurugenzi wa fedha kwa kufunga dola kwa 167 wakati baadaye ziliuzwa 130 inampima kwa kipimo kisichohusika. Swali la haki ni kama tarehe ile angeweza kukopa shilingi, kununua dola na kuziweka kwa gharama iliyo chini ya 167.02. Kama hangeweza, aliuziwa kinga kwa bei yake halali. Vivyo hivyo, anayeandaa bajeti ya Julai asiichukue bei ya mbele akaiita makadirio ya soko. Anayehitaji makadirio ayajenge kwa kuangalia madeni yanayoiva, akiba ya fedha za kigeni, mauzo ya nje na sera ya Benki Kuu, na akiri upana wa makosa yanayowezekana. Bei ya mbele itamwambia jambo jingine lenye uhakika zaidi: ni bei gani anaweza kuifunga leo ili makosa hayo yasimhusu.