Njeo: ndani ya kitenzi au nje yake

Kiambishi cha njeo mara nyingi ni neno la zamani lililochakaa. Katika Kiswahili, -ta- ya "atakuja" imetokana na kitenzi "taka": kutaka kuja kukawa kuja baadaye, kisha neno likafupika na kunasa ndani ya kitenzi. Kichina sanifu hakikufika huko. "Jana" au muktadha hutosha, na kijineno "le" huonyesha tendo kutimia, hata likiwa la kesho. Wapo wanaodai kwamba lugha ya namna hiyo haijali wakati. Hoja hiyo haisimami, kwani Kiswahili chenyewe huuachia muktadha kazi: katika "alikwenda sokoni akanunua samaki", -ka- haitaji wakati, huuazima kwa -li-, ilhali katika "nenda ukanunue", samaki bado hajanunuliwa.