Ukwaju: Tunda au Kunde?

Ukwaju ni tunda, kwa kuwa katika elimu ya mimea tunda ni kile kinachokua kutokana na ovari ya ua, na ganda refu lenye mbegu, kama la maharage, ni aina mojawapo ya tunda. Mkwaju wenyewe umo katika jamii ya mikunde. Tofauti iko katika kiliwacho: kwenye haragwe huliwa mbegu, ilhali kwenye ukwaju huliwa nyama chachu ya kahawia, yaani tabaka la kati la ukuta wa tunda, ambayo hulowekwa majini, ikafikichwa na kuchujwa ili kuondoa nyuzi na kokwa ngumu. Ganda la nje, ambalo halipasuki lenyewe likikomaa, hutupwa.