Damu puani na ngozi iliyochubuka wakati wa mafua

Ukipenga kamasi mara kwa mara kwa siku kadhaa, ngozi ya pua huchubuka nje na hata ndani. Ndani ya pua, upande wa mbele, kuna mishipa midogo ya damu chini ya ngozi nyembamba. Ngozi hiyo ikikauka na kupasuka, damu hutoka.

Tuseme mtoto wa miaka minane amepenga kwa nguvu na damu inachuruzika. Mkalishe, ainame kidogo mbele. Usimlaze wala kumrudisha kichwa nyuma, maana damu itashuka kooni, na akiimeza anaweza kutapika. Mbane sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa dakika 10 mfululizo huku akipumua kwa mdomo. Wengi hukosea kwa kuachia kila mara ili waangalie. Tumia saa ya simu. Damu ikiendelea, bana dakika 10 nyingine.

Ikikoma, asipenge wala kuchokonoa pua hadi kesho yake. Baadaye apenge taratibu, na afute kwa kugandamiza kitambaa laini, bila kusugua. Ngozi iliyopasuka ioshwe kwa maji safi, ikaushwe, kisha ipakwe mafuta ya mgando kidogo asubuhi na kabla ya kulala.

Nenda kituo cha afya haraka ikiwa damu haijakoma baada ya dakika hizo 20, inatoka nyingi sana, mgonjwa anasikia kizunguzungu, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Vidonda vikitoa usaha au kufanya ukoko wa njano, navyo vionwe na mhudumu wa afya.