Do, Mi, So na Hesabu ya Fourier

Mwaka 1807 Joseph Fourier, wakati huo mtawala wa mkoa wa Isère huko Grenoble, alipeleka Paris andiko kuhusu namna joto linavyosambaa ndani ya vitu vigumu. Humo alidai jambo zito: mchoro wowote, hata wenye kona kali, unaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi laini ya sini na kosini. Lagrange, mmoja wa wakaguzi, hakukubali. Kitabu chake kuhusu joto kilitoka 1822.

Andiko lile lilihusu joto, si muziki. Ni Georg Ohm, Mjerumani anayejulikana zaidi kwa kanuni yake ya umeme, aliyesema mwaka 1843 kwamba sikio nalo hufanya uchambuzi wa namna hiyo: hupokea mtetemo mmoja wa hewa na kusikia ndani yake sauti kadhaa. Aliyewahi kuimba kwaya analijua hilo. Do, mi na so zikiimbwa kwa pamoja, hewa inayofika sikioni hutetemeka kwa mkondo mmoja tu, lakini mwalimu wa kwaya hutambua mara moja kwamba mi imeshuka.

Mjerumani mwingine, Hermann von Helmholtz, aliligeuza wazo hilo kuwa chombo, na mwaka 1863 akachapisha kitabu chake kikubwa kuhusu hisia za sauti. Alitumia matufe matupu, kila moja likiwa na tundu la kuingizia sauti na ncha ndogo ya kutia sikioni. Tufe la mi huvuma pale tu mi inapokuwamo katika sauti inayopigwa. Isipokuwamo, hukaa karibu kimya. Msikilizaji huziba sikio la pili, anabadilisha matufe moja baada ya jingine, na mwisho anapata orodha ya sauti zilizomo pamoja na nguvu ya kila moja. Orodha hiyo ndiyo maana ya mageuzo ya Fourier.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeikuta fomula darasani anaweza kuisoma kama safu ya matufe hayo. Tuseme ana rekodi ya kinanda cha umeme kikipiga do, mi na so: mitetemo 261.63, 329.63 na 392.00 kwa sekunde. Kuuliza kama mi imo, anachukua wimbi safi la 329.63, analizidisha na rekodi nukta kwa nukta, kisha anajumlisha. Mi ikiwamo, mawimbi mawili hupanda na kushuka pamoja; hasi mara hasi ni chanya, na jumla hukua. Akijaribu wimbi la 300, mazao huwa chanya mara hii na hasi mara ile, nayo hufutana hadi kubaki karibu na sifuri.

Lakini kwa nini fomula ina sini na kosini pamoja? Kwa sababu mi inaweza kuanza wakati wowote. Ikichelewa robo ya mzunguko, kosini itatoa sifuri ilhali sauti inasikika wazi, na hapo sini ndiyo itakayoikamata. Majibu yote mawili hupigwa kipeo cha pili na kujumlishwa, na nguvu ya mi inajulikana bila kujali ilianza lini.

Ugumu unaanza pale sauti zinapokaribiana. Do haitoi 261.63 peke yake. Hutoa pia mara mbili yake na mara tatu yake. Mara tatu ya do ni 784.89, na mara mbili ya so ni 784.00. Tofauti yake haifiki hata mtetemo mmoja kwa sekunde. Rekodi ya nusu sekunde haiwezi kuzitenganisha, hata kompyuta iwe na nguvu kiasi gani, kwa kuwa katika muda huo mawimbi hayo mawili hayajapata nafasi ya kuachana. Inahitajika zaidi kidogo ya sekunde moja. Dalili yake inaonekana: ukichambua vipande vifupi vinavyofuatana, kilele kimoja karibu na 784 hupanda na kushuka kipande hadi kipande.

Mwaka 2004 mwanahisabati Jason Brown wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, alitumia mageuzo haya kuchunguza mlio unaofungua wimbo wa Beatles wa 1964, A Hard Day's Night, ambao wapiga gitaa walikuwa wameubishania kwa miaka mingi. Alipata orodha ya vilele, na akahitimisha kwamba magitaa pekee hayatoshi kuvieleza: piano nayo ilipigwa. Wapo wasioafiki noti zote alizozitaja, na ubishi huo una msingi, kwani mageuzo ya Fourier husema mtetemo upi umo na una nguvu gani, lakini hayasemi umetoka kwenye uzi wa chombo gani.