Daftari, Cheti na Kauli ya Mwalimu Mkuu: Namna ya Kutambua Mahudhurio ya Mwaka Mzima

Shule nyingi za msingi nchini Tanzania zinapofunga mwaka hutoa vyeti kwa wanafunzi ambao hawakukosa hata siku moja. Maneno ya vyeti hivyo hufanana: mwanafunzi anatunukiwa cheti "kwa bidii, nidhamu na mahudhurio bora". Makala haya yanadai kwamba maneno hayo yanathibitisha jambo ambalo shule haina ushahidi nalo, na kwamba hotuba fupi inayoyasindikiza huweza kuwafundisha watoto kinyume cha kilichokusudiwa. Cheti kiseme kile daftari la mahudhurio linachoweza kukitolea ushahidi. Hotuba nayo iseme shule inatarajia nini kwa kila mtoto.

Kalenda ya shule za msingi ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Kila siku mwalimu wa darasa huita majina na kutia alama kwenye daftari. Alama hiyo inaonyesha kama mtoto alikuwepo, na daftari likitunzwa vizuri huonyesha pia kama asiyekuwepo alikuwa na ruhusa au alitoroka. Zaidi ya hapo daftari halisemi kitu. Mtoto anayekaa nyuma ya uwanja wa shule na mtoto anayevuka korongo kila asubuhi hupata alama ileile. Mwenye selimundu, ambaye maumivu humlaza mara kadhaa kwa mwaka, hawezi kufikisha siku 194 hata awe na bidii ya namna gani. Tukiandika "bidii" kwenye cheti cha yule wa kwanza, tumesema bila kutaka kwamba huyu wa mwisho hana.

Mfano wa Januari 2024 unafaa kutazamwa kwa karibu. Shule zilipofunguliwa mwezi ule, ugonjwa wa macho mekundu ulikuwa umeenea Dar es Salaam, na ushauri wa kitabibu ulikuwa kuepuka kugusana na kuchangamana na watu. Tuchukue wanafunzi wawili wa darasa la tano wanaokaa dawati moja. Mmoja anaamka macho yamevimba yakitoa tongotongo. Mama yake anapita shuleni kumwombea ruhusa, naye anakaa nyumbani siku tatu. Mwenzake anapatwa na hali hiyohiyo lakini anakuja, anafikicha macho, anashika daftari za wenzake. Mwisho wa mwaka huyu wa pili ana siku 194 na cheti mkononi, na yule wa kwanza ana 191 na hana chochote. Kwa kanuni ya "hakukosa hata siku moja", shule imemzawadia aliyeleta maambukizi darasani na kumnyima aliyefanya kama alivyoelekezwa. Ndivyo ilivyo pia kwa tetekuwanga na surua.

Kuna watakaosema kwamba tukihesabu siku za ruhusa, neno "kamili" litakosa maana. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaondoka mara cheti kinapotaja idadi. Tatizo la utoro ni mtoto kutojulikana alipo, na aliyeaga anajulikana alipo. Kwa hiyo napendekeza kigezo kiwe kutokuwa na siku hata moja ya kukosa bila ruhusa, na cheti kitaje siku zenyewe kama zilivyo:

CHETI CHA MAHUDHURIO
Shule ya Msingi ………… inathibitisha kwamba …………, mwanafunzi wa Darasa la Tano, alihudhuria siku zote 194 za masomo za mwaka ………, kwa mujibu wa daftari la mahudhurio la darasa lake.
Mwalimu wa darasa ………… Mwalimu mkuu ………… Tarehe na muhuri …………

Kwa yule wa siku tatu, sentensi ya kati itasomeka hivi: "alihudhuria siku 191 kati ya siku 194 za masomo za mwaka ………, na siku tatu zilizobaki hakuwepo kwa ruhusa ya shule". Karatasi ni ileile, muhuri uleule. Mwalimu wa darasa atangulie kutia saini kwa sababu ndiye aliyeita majina. Saini ya mgeni rasmi, ambayo siku hizi hupewa nafasi kubwa kuliko zote, haithibitishi lolote hapa.

Hotuba ni kazi nyingine. Mtafiti Carly Robinson na wenzake walichapisha mwaka 2021 matokeo ya jaribio lililohusisha wanafunzi 15,329 wa darasa la sita hadi la 12 huko Kalifonia. Baadhi waliahidiwa tuzo ya mahudhurio kabla. Wengine walipewa tuzo bila kutarajia, kwa mwezi ambao tayari walikuwa wameuhudhuria wote. Ahadi, kwa wastani, haikubadili mahudhurio. Tuzo ya kushtukiza ilifanya waliopewa wakose siku nyingi zaidi baadaye kuliko wasiopewa. Maelezo ya watafiti ni kwamba tuzo ilibeba ujumbe: umehudhuria kuliko wenzako, na kuliko shule inavyotarajia. Mtoto akishaambiwa amezidisha, anajiona ana siku za kupunguza.

Kalifonia si Kondoa, na jaribio lile halikuhusu watoto wa darasa la pili. Hata hivyo ujumbe wa namna hiyo hupita katika maneno, na maneno ya mwalimu mkuu wetu mara nyingi ndiyo hayohayo: "hawa ni wa kipekee", "wachache sana wanaweza". Ukumbi mzima unasikia kwamba kukosa shule ndiyo kawaida. Hotuba isiyotoa ujumbe huo inaweza kuwa hivi:

"Mgeni rasmi, wajumbe wa kamati ya shule, wazazi na walezi, walimu wenzangu, na ninyi wanangu. Kila asubuhi mwalimu wa darasa huita majina. Nitakaowaita sasa waliitika mwaka mzima, na siku ambayo mmoja wao hakuitika, tulijua yuko wapi na kwa nini. Hilo ndilo tunalolitarajia kwa kila mtoto wa shule hii, na wengi wenu mlikaribia sana. Mzazi uliyekuja kutoa taarifa mtoto alipougua, jina lako halimo kwenye cheti, lakini mchango wako tumeuona. Mzazi ambaye mwanao alikosa siku nyingi, njoo ofisini tuzungumze nini kinamzuia, kabla hatujafungua daftari la mwaka mpya."

Hotuba hiyo haichukui zaidi ya dakika moja, na hakuna neno "bora" ndani yake. Sentensi ya mwisho inamlenga mzazi kwa makusudi, kwani mtoto wa miaka tisa hajiamulii kwenda mnadani kuuza nyanya wala kubaki nyumbani kulea mdogo wake.

Liko jambo la utekelezaji linalosahaulika. Darasa la saba hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwezi Septemba na kuondoka, hivyo siku 194 haziwahusu. Cheti cha mahafali yao kihesabu siku walizopangiwa hadi mtihani. Kwa madarasa mengine, vyeti hupelekwa steshenari kuchapwa wiki moja au zaidi kabla ya kufunga shule, maana yake vinathibitisha siku ambazo bado hazijafika. Dawa yake ni rahisi: idadi ya siku iachwe wazi wakati wa kuchapa, kisha mwalimu wa darasa aijaze kwa kalamu siku ya mwisho, daftari likiwa wazi mbele yake. Akikuta alama za wiki nzima zimetiwa kwa mkupuo siku ya Ijumaa, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, asisaini kwanza. Amwite mwalimu aliyeshika zamu ya darasa wiki hiyo wapitie majina upya.