Gesi Itarudi Lini? Swali la 1896 na Jibu la 1947

Mwaka 1896 Ernst Zermelo, kijana aliyekuwa msaidizi wa Max Planck mjini Berlin, alichapisha makala ya kumpinga Ludwig Boltzmann, mwanafizikia mkubwa wa Vienna. Tangu 1872 Boltzmann alikuwa akifundisha kwamba gesi iliyobanwa upande mmoja wa chombo husambaa hadi itulie, na kwamba mwelekeo huo unaeleweka kwa kuzitazama molekuli zikigongana. Zermelo alimkabili kwa hoja ambayo Henri Poincaré alikuwa ameithibitisha mwaka 1890: mfumo uliofungiwa, unaofuata kanuni za mwendo za Newton, karibu kila mara utarudi jirani kabisa na hali ulipoanzia. Basi gesi iliyosambaa nayo itarudi upande mmoja. Utulivu wa Boltzmann uko wapi hapo?

Boltzmann hakukana kwamba gesi itarudi. Alichouliza ni itachukua muda gani. Alikadiria kwamba kwa sentimita moja ya ujazo ya gesi, muda wa kungoja ni namba ambayo tarakimu zake peke yake ni matrilioni. Wengi waliona ni jibu la kukwepa. Naona lilikuwa jibu sahihi lililokosa hesabu safi ya kulibeba, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuihesabu gesi halisi molekuli kwa molekuli. Boltzmann alijiua huko Duino, karibu na Trieste, Septemba 1906, ubishi ukiwa bado haujaisha.

Mwaka uliofuata mwanafunzi wake Paul Ehrenfest, pamoja na mkewe Tatiana Afanasyeva, mwanahisabati mzaliwa wa Kiev, walikuja na mchezo mdogo wa kuchukua nafasi ya gesi. Tuna mitungi miwili na mipira yenye namba. Kila hatua tunapiga kura ya namba moja, na mpira wenye namba hiyo unahamishwa kutoka mtungi uliomo kwenda mtungi wa pili. Basi. Siku hizi wanafizikia hupenda kuusimulia mchezo huu kwa mbwa wawili na viroboto wanaoruka toka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, ila mitungi ni safi zaidi.

Chukua mipira minne tu, yote ikiwa mtungi wa kushoto. Hatua ya kwanza lazima mmoja uende kulia. Hatua ya pili, kura ikiangukia ule ule mmoja, tumerudi tulikoanzia. Ikiangukia mmojawapo wa mitatu iliyobaki, tumesogea mbali zaidi. Mtungi wenye mipira mingi ndio unaopoteza mara nyingi zaidi, na hapo ndipo unapoiona nguvu ya Boltzmann ya kusawazisha ikifanya kazi. Hata hivyo hakuna njia iliyofungwa: kutoka mgawanyo wowote unaweza kuufikia mgawanyo mwingine wowote. Mfumo wa namna hii, wenye hali chache zinazohesabika, ambamo hatua inayofuata hutegemea hali ya sasa tu, ndio unaoitwa mnyororo wa Markov. Andrei Markov mwenyewe alianza kuandika juu ya minyororo hiyo mwaka ule ule wa 1906, kwa sababu zisizohusiana na gesi.

Kazi yake mashuhuri, ya 1913, inatuonyesha bila jasho hesabu tunayoitafuta, ya muda wa kurudi. Alichukua herufi 20,000 za mwanzo wa shairi la Pushkin, Evgeni Onegin, akazihesabu kwa mkono: irabu 8,638, konsonanti 11,362. Tukianzia kwenye irabu moja, herufi ngapi zitapita hadi irabu inayofuata? Mapengo yote ya kutoka irabu hadi irabu, yakiunganishwa, ndiyo hayo maandishi yenyewe. Kwa hiyo wastani wa pengo ni 20,000 kugawanya kwa 8,638, yaani karibu 2.3. Irabu zinachukua sehemu 0.432 ya maandishi, na moja kugawanya kwa 0.432 ni hiyo hiyo 2.3. Hatukuhitaji kujua irabu hufuatana vipi, ingawa Markov alilijua hilo pia: baada ya irabu, irabu nyingine hufuata kwa uwezekano wa 0.128, na baada ya konsonanti kwa 0.663.

Hiyo ndiyo kanuni nzima. Wastani wa muda wa kuirudia hali fulani ni moja kugawanya kwa sehemu ya muda ambayo mnyororo hukaa katika hali hiyo ukiachwa utembee muda mrefu. Sharti ni kwamba hali ziwe na kikomo na kila hali iweze kufikiwa kutoka kila nyingine. Mnyororo ukigawanyika makundi mawili yasiyofikiana, sehemu hizo za muda zitategemea ulianzia wapi, na kanuni haina tena namba moja ya kushika.

Turudi kwenye mipira minne. Kila mpira uko kushoto au kulia, kwa hiyo kuna mipangilio 16. Kila mpangilio unafikiwa kutoka mipangilio minne na kuongoza kwenye minne, kwa uwezekano ule ule, hivyo hakuna unaopendelewa. Mpangilio wa yote kushoto ni mmoja kati ya 16: wastani wa kuurudia ni hatua 16. Hali ya mbili kwa mbili ina mipangilio 6, hivyo wastani wake ni 16 kwa 6, yaani hatua mbili na theluthi mbili.

Hii ya pili inahakikishwa kwa urahisi. Kutoka mbili kwa mbili, hatua moja inatupeleka tatu kwa moja, na kutoka hapo tunarudi kwa uwezekano wa robo tatu. Tukikosa, tunafika nne kwa sifuri, tunalazimika kurejea tatu kwa moja, na tunajaribu tena. Kila jaribio linakula hatua mbili, na kwa wastani yanahitajika majaribio moja na theluthi moja. Mbili mara moja na theluthi moja ni mbili na theluthi mbili. Kumbe hata kama kurudi kunawezekana kwenye hatua za shufwa tu, kanuni haitikisiki.

Aliyeipeleka hesabu hii hadi kwenye ugomvi wenyewe ni Mark Kac, Mpolandi aliyesomea Lwów na kuhamia Marekani mwaka 1938. Mwaka 1947 alithibitisha kanuni ya muda wa kurudi kwa upana kuliko minyororo peke yake, na mwaka huo huo akaitumia kwenye mitungi ya akina Ehrenfest. Weka mipira 20,000 yote mtungi mmoja na upige kura moja kila sekunde. Wastani wa kurudi ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 20,000, sekunde zenye tarakimu 6,021. Lakini ukianza na 10,000 kila upande, wastani ni sekunde 177 hivi, hata dakika tatu hazitimii. Mitungi ni ile ile, mipira ni ile ile, kanuni ni moja. Zermelo alisema kweli kwamba kila hali hurudi. Boltzmann alisema kweli kwamba hakuna atakayeishi kuziona baadhi yake zikirudi.

Tahadhari moja. Wastani si ahadi. Katika mipira minne, robo ya marejeo ya hali ya yote kushoto hutokea ndani ya hatua mbili tu, na yale mengine huchukua wastani wa karibu hatua 21. Hatua 16 ni namba inayopatikana katikati ya makundi mawili yasiyofanana. Ukitaka kujionea, chukua mbegu nne, ziandike namba, tafuta vikombe viwili na karatasi nne za kupigia kura. Usiishie kwenye marejeo matano au sita, maana yatakudanganya. Andika mapengo hamsini au mia, kisha ndipo ugawanye.