Ada ya haki ya chapa na mrabaha: si kiingilio wala kilemba

Mfanyabiashara wa Kanyenye, mjini Tabora, hahitaji kufundishwa maana ya kilemba. Ni fedha anayotoa mara moja ili apewe fremu iliyo mahali penye wateja, kabla hajaanza kulipa kodi ya pango. Kwa hiyo akiletewa mkataba wa franchaizi, unaomtaka atoe fungu kubwa mwanzoni kisha asilimia fulani ya mauzo kila mwezi, neno la kwanza kumjia ni hilohilo: hapa kilemba, pale kodi. Wengine huita fungu la kwanza kiingilio. Majina yote mawili yanaeleweka, na yote mawili huharibu daftari la hesabu.

Franchaizi ni mpango ambao mwenye chapa inayojulikana humruhusu mtu mwingine kufungua tawi kwa mtaji wake mwenyewe, akitumia jina, mapishi, rangi na taratibu za chapa ile. Afrika Mashariki tumeuona waziwazi katika vyakula: KFC ilifungua Nairobi mwaka 2011 na Dar es Salaam mwaka 2013, na waliofungua ni kampuni za hapahapa zenye kibali cha kutumia jina hilo.

Kiingilio, kama cha uwanja wa mpira, huisha mlangoni. Ukishaingia, fedha imekwenda, na katika hesabu ni matumizi ya siku ile. Fungu la franchaizi haliishi mlangoni, maana limenunua haki ya kutumia chapa kwa muda wote wa mkataba. Kilemba nacho kina kasoro yake. Anayeondoka kwenye fremu mara nyingi hutarajia kukirudisha kutoka kwa anayeingia, pengine na faida juu. Haki ya chapa hairithishwi hivyo. Muda ukiisha, thamani yake ni sifuri, na kumpa mtu mwingine bila ruhusa ya mwenye chapa kwa kawaida ni kuvunja mkataba. Ndiyo maana naliita ada ya haki ya chapa. Ni jina refu kidogo, lakini linamwambia mtunza hesabu afanye nini: hapa imenunuliwa haki, nayo ina mwisho.



Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye tawi wa Kanyenye anafungua duka la kuku wa kukaanga kwa mkataba wa miaka 5. Ada ya haki ni shilingi 30,000,000 na mrabaha ni asilimia 6 ya mauzo. VAT tuiweke pembeni ili uzi usikatike.

Siku ya kulipa ada, gharama bado haijaandikwa. Inayoandikwa ni mali isiyoshikika: debiti haki ya chapa 30,000,000. Upande wa krediti una mistari miwili, na hapa wengi hujikwaa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania inatafsiri mrabaha kwa upana, ikiingiza malipo ya haki ya kutumia alama ya biashara, na kodi ya zuio juu yake ni asilimia 15. Mshauri wa kodi akikubali kwamba ada hii imo humo, mwenye tawi anazuia 4,500,000 kwa ajili ya TRA na kumpelekea mwenye chapa 25,500,000. Haki yenyewe inabaki na thamani ya 30,000,000, kwa sababu kodi iliyozuiwa ni ya mwenye chapa. Mwenye tawi ni mkusanyaji tu.

Kisha kila mwezi haki inapunguzwa thamani. Miaka 5 ni miezi 60, kwa hiyo ni 500,000 kwa mwezi: debiti gharama, krediti haki ya chapa. Aliyeandika kiingilio ataonyesha hasara ya kutisha mwezi wa kwanza, na faida isiyo ya kweli miezi 59 inayofuata. Akienda benki kuomba mkopo mwaka wa pili, atakuwa anaonyesha biashara nono kuliko iliyopo. Na tawi likifungwa baada ya miezi 24, ukweli unajitokeza: 12,000,000 zimekwishatumika, 18,000,000 zilizobaki zinafutwa kuwa hasara, maana hakuna mpangaji mpya wa kuzirudisha.

Mrabaha una tabia nyingine kabisa. Haununui kitu cha kesho. Unafuata mauzo yaliyokwisha kufanyika. Juni tawi limeuza 12,000,000, basi mrabaha ni 720,000, nao ni gharama ya Juni hata kama utalipwa Julai. Kodi ya zuio ni 108,000, anayobaki nayo mwenye chapa ni 612,000. Kosa ninalolitarajia zaidi ni la mtunza hesabu kuandika 612,000 kwa kuwa ndizo zilizotoka kwenye simu au benki. Gharama inapungua, na deni la TRA halionekani popote mpaka wakaguzi waje. Njia rahisi ya kulinasa ni kugawa akaunti ya mrabaha kwa akaunti ya mauzo kila mwezi. Jibu likiwa asilimia 5.1 badala ya 6, mtu ameandika kiasi baada ya zuio. Jibu likiwa juu ya 6, yumkini kuna mauzo ambayo mwenye chapa ameyahesabu na daftari la tawi halina.

Neno mrabaha limeshakaa vizuri katika madini na hakimiliki, sioni sababu ya kutafuta jingine. Lakini katika mji wenye wateja wa benki za Kiislamu lichungwe lisichanganywe na murabaha, mauzo ya mkopo yenye faida iliyotajwa wazi. Asili yao ni moja, faida, ila kazi zao ni mbili.

Upande wa mwenye chapa, kanuni ya IFRS 15, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inataka picha ileile kwa kinyume. Kwa kawaida ada aliyopokea ni deni la mkataba kwanza, kisha inageuka mapato polepole katika muda wa haki. Mrabaha ni mapato pale mauzo yanapofanyika, si kwa makadirio. Kanuni ya Marekani inayofanana nayo iliibadilisha hata McDonald's: zamani iliandika ada ya awali kuwa mapato tawi lilipofunguliwa, na tangu 2018 inaigawa katika muda wa mkataba, ambao mara nyingi ni miaka 20.

Kwa hiyo, ewe unayekaribia kutia sahihi, dai mkataba uchambue fungu la mwanzo: kiasi gani ni haki ya chapa, kiasi gani ni jiko la kukaangia, kiasi gani ni mafunzo ya wafanyakazi. Jiko litaandikwa kwenye vifaa na kuchakaa kwa umri wake, mafunzo ni gharama ya mara moja, na haki peke yake ndiyo inayogawanywa kwa miezi ya mkataba. Na zuio la kila mwezi lifike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha.